Alama ziende kwenye maelezo, si kwenye orodha

Kwa walimu wenzangu mnaotunga na kusahihisha mitihani ya utamilifu ya Uchumi, kidato cha sita.

YAH: MWONGOZO WA USAHIHISHAJI WA SWALI LA SERA YA FEDHA WAKATI WA MDORORO

Ndugu walimu,

Nawaandikia kuhusu swali moja ambalo halikosekani kwenye moko zetu. Mwaka huu linakuja kwa maneno haya, mwakani kwa maneno mengine, lakini ni lile lile: eleza jinsi benki kuu inavyoweza kutumia sera ya fedha kuinua uchumi ulio kwenye mdororo. Alama 20. Mtihani hufanywa kwa Kiingereza, ila mimi naandika kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu nataka barua hii isomwe pia na wanafunzi na wazazi wanaowalipia ada. Nao wana haki ya kujua alama zinatoka wapi.

Swali lenyewe ni zuri. Linalonisumbua ni mwongozo tunaolisahihishia. Uliotufikia mezani katika usahihishaji wa pamoja nilioshiriki ulikuwa hivi: utangulizi alama 2, hoja sita za alama mbili na nusu kila moja, hitimisho alama 3. Hoja zikatajwa: kupunguza riba ya benki kuu, kununua dhamana za serikali, kupunguza akiba ya lazima ya mabenki, kulegeza masharti ya mikopo, kuelekeza mikopo kwenye sekta fulani, na kuyashawishi mabenki yakopeshe zaidi. Chini yake pakaandikwa "na hoja nyingine yoyote iliyo sahihi". Basi. Neno mdororo, ambalo ndilo lililolibeba swali, halikuonekana tena mahali popote kwenye mwongozo ule.

Tazameni unavyofanya kazi. Mtahiniwa mmoja anaandika: benki kuu itapunguza riba, hivyo fedha zitaongezeka kwenye mzunguko na uchumi utakua. Anaruka mstari. Benki kuu itanunua dhamana za serikali, hivyo fedha zitaongezeka kwenye mzunguko na uchumi utakua. Anaruka mstari tena. Anafanya hivyo mara sita, sentensi ile ile ikibadilishwa kichwa, na kwa mwongozo ule anastahili alama zote 15 za hoja. Mwingine anachukua zana mbili tu, lakini anaeleza benki ya biashara inafanya nini na fedha iliyofunguliwa, nani anakwenda kukopa, kiwanda kinaongeza zamu ya wafanyakazi kwa sababu gani, na kwa nini wakati wa mdororo benki inaweza kukaa na fedha hiyo bila kumkopesha mtu. Huyu wa pili, kwa mwongozo ule ule, hawezi kupita alama 5 kati ya 15. Wa kwanza anajua majina ya zana. Wa pili anajua uchumi. Tumempa wa kwanza mara tatu ya wa pili, kisha tunashangaa wanafunzi wetu kukariri.

Napendekeza mwongozo mwingine, nami nitaueleza kwa undani ili kila mmoja wenu aupime. Alama 3 ziende kwenye kuuelewa mdororo. Alama 9 ziende kwenye njia mbili ambazo sera hupitia hadi ikafika kwenye ajira. Alama 3 kwa mchoro, na 5 kwa tathmini. Utangulizi na hitimisho visiwe na alama za peke yake. Mwanafunzi akiandika jambo la maana mwanzoni au mwishoni, alama zake zipo ndani ya makundi haya manne.

Nianze na mdororo. Alama ya kwanza ni kusema kwamba Pato la Taifa halisi limeshuka, na kwa kawaida huhesabiwa pale linaposhuka kwa robo mbili za mwaka mfululizo. Ya pili ni kuonyesha kwamba kuna rasilimali zilizolala: mashine hazifanyi kazi, watu wanatafuta kazi kwa mshahara uliopo na hawaipati. Ya tatu, ambayo wengi huikosa, ni kusema kwamba chanzo kiko kwenye mahitaji ya jumla, yaani watu na makampuni wamepunguza matumizi. Hii ya tatu ndiyo inayoipa sera ya fedha nafasi ya kusaidia. Mwanafunzi asiyeitaja atajikuta kwenye tathmini hana pa kusimama, kwa sababu hajasema ugonjwa ni upi.

Hapa pana kosa ambalo limo hata kwenye maandalio yetu ya masomo. Mwaka 2020 mara nyingi hutajwa kuwa mwaka wa mdororo Tanzania. Takwimu rasmi zinasema uchumi wetu ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka huo, kutoka asilimia 7 mwaka 2019. Ukuaji ulipungua kasi, pato halikushuka. Kenya ndiko pato lilikoshuka, kwa asilimia 0.3 kwa mwaka mzima. Mtahiniwa anayeitaja Tanzania ya 2020 kama mfano wa mdororo asipewe alama ya kwanza kwa mfano huo, lakini asiadhibiwe tena mbele akizitumia hatua za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka ule kueleza zana. Kosa moja liadhibiwe mara moja.

Sasa zile alama 9. Kila njia iwe na alama 4, na mtahiniwa aeleze njia mbili. Alama ya kwanza ni zana pamoja na mwelekeo wake. Ya pili ni kinachotokea ndani ya mabenki ya biashara. Ya tatu ni anachofanya mkopaji, awe mtu wa kawaida au kampuni. Ya nne ni matokeo kwenye uzalishaji na ajira. Alama moja inayobaki apewe atakayeeleza mzunguko wa pili: aliyepata kazi anatumia mshahara wake, matumizi yake yanakuwa kipato cha mwingine, na mahitaji yanapanda kuliko kiasi kilichokopwa mwanzoni. Mahali ni popote kwenye jibu, alama ni moja tu.

Kwa nini njia mbili na si sita? Kwa sababu zana zote, ukishavuka hatua ya pili, zinaingia barabara moja. Ukipunguza akiba ya lazima au ukinunua dhamana, unafika pale pale: mabenki yana fedha nyingi zaidi za kukopesha, au yanazipata kwa bei nafuu. Kumlazimisha mtoto aieleze barabara ile ile mara sita ni kumlipa kwa kujirudia.

Nichukue akiba ya lazima, kwa sababu hapa hesabu ni nyepesi na makosa ni mengi. Mwezi Juni 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha kiwango hiki kutoka asilimia 7 hadi asilimia 6 ya amana. Tuseme, kwa mfano wa darasani, mabenki yote kwa pamoja yana amana za shilingi bilioni 1,000. Kwa asilimia 7 yalilazimika kuweka bilioni 70 Benki Kuu. Kwa asilimia 6 yanaweka bilioni 60. Bilioni 10 zimefunguliwa. Mtahiniwa aliyefika hapa ana alama mbili: ametaja zana na mwelekeo, na ameonyesha kilichotokea ndani ya benki. Hesabu yenyewe si sharti, akieleza kwa maneno inatosha.

Halafu inakuja hatua ambayo wanafunzi huiruka kama vile haipo. Bilioni 10 zilizo kwenye vitabu vya benki hazijamnunulia mtu hata mfuko wa saruji. Ni lazima benki ishushe riba au ilegeze dhamana inayoidai, na ni lazima atokee mtu wa kukopa: mwenye mashine ya kukoboa anayetaka kuongeza ya pili, au mtumishi anayejenga. Hiyo ndiyo alama ya tatu. Ya nne inakuja pale mwenye mashine anapoajiri mwendeshaji na kununua mpunga zaidi kwa wakulima, na pato la nchi likapanda kwa sababu mashine na watu waliokuwa wamelala wamerudi kazini. Mtahiniwa asipewe alama ya nne kwa kuandika "uchumi utakua" peke yake. Aseme nini kimeongezeka na kwa nini kinaweza kuongezeka.

Wapo watakaoleta kizidisho cha fedha. Watasema: moja kwa 0.06 ni 16.67, kwa hiyo bilioni 10 zitazaa amana mpya za karibu bilioni 167. Hesabu ni sahihi. Ukirudi nyuma, bilioni 70 za akiba zikigawanywa kwa 0.06 zinabeba amana za bilioni 1,166.7, na ukitoa 1,000 za mwanzo unapata hizo hizo. Lakini hicho ni kiwango cha juu kabisa, na kinasimama juu ya masharti mawili: kwamba benki itakopesha kila shilingi iliyo juu ya akiba ya lazima, na kwamba kila aliyepokea fedha atairudisha benki bila kubaki na noti nyumbani. Masharti yote mawili huyumba zaidi wakati wa mdororo kuliko wakati mwingine wowote. Benki inaogopa mkopo usiolipika, mteja anataka fedha mkononi. Mwanafunzi aliyetoa jibu la bilioni 167 kama jambo litakalotokea apate alama ya hatua ya pili na si zaidi. Aliyetoa jibu hilo kisha akataja masharti yake ameingia tayari kwenye tathmini, na msahihishaji ampe alama huko.

Njia ya pili ambayo wengi wataichagua ni riba. Mwongozo wetu hapa umepitwa na wakati. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inaendesha sera yake kwa Riba ya Benki Kuu, iliyoanza kwa asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo, kisha ikashuka hadi 5.75 mwezi Julai 2025. Kinacholengwa ni riba ambayo mabenki hukopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa siku saba, nayo huongozwa isitoke zaidi ya pointi mbili za asilimia juu au chini ya Riba ya Benki Kuu. Kwa hiyo mtahiniwa anayeandika kwamba benki kuu inashusha riba, mabenki yanakopeshana kwa bei nafuu, gharama yao ya kupata fedha inapungua, nayo yanashusha riba kwa wateja, amefuata njia halisi. Apewe alama zake hata kama hakutaja jina la zamani lililo kwenye vitabu. Nimeona watoto wakikatwa alama kwa sababu walichoandika hakikuwa na jina lile lile lililo kwenye mwongozo, ilhali walichoandika ndicho kinachotendeka leo.

Dhamana za serikali zina mtego wake wa mwelekeo. Wapo wanaoandika kwamba benki kuu itauza dhamana ili kuongeza fedha. Ikiuza, inanyonya fedha kutoka kwenye mabenki, kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Huyo amepoteza alama ya kwanza na ya pili. Lakini kama kuanzia hapo anaeleza vizuri jinsi mikopo nafuu inavyofika kwenye ajira, apate ya tatu na ya nne. Anayesema benki kuu itapunguza kodi amekwenda kwenye sera ya bajeti, ambayo ni kazi ya serikali na Bunge, na njia hiyo haina alama hapa hata moja. Akilitaja suala la kodi kwenye tathmini, kwamba sera ya fedha peke yake haitoshi na inahitaji bajeti isukume kwa upande wa pili, hapo ana haki ya kupata alama, kwa sababu ameiweka mahali pake.

Kuhusu mchoro sitasema mengi. Alama moja kwa mihimili: kiwango cha jumla cha bei upande wa wima, pato halisi la nchi upande wa ulalo. "Bei" na "kiasi", kama mchoro wa soko la nyanya, havitoshi. Alama moja kwa mstari wa mahitaji ya jumla kuhamia kulia. Alama ya mwisho, na hii ndiyo inayotenganisha, ni mahali unapoanzia. Mdororo uko kushoto kwa pato la ajira kamili, kwenye sehemu ambayo mstari wa ugavi wa jumla bado umelala au una mwinuko mdogo, kwa hiyo pato linapanda sana na bei kidogo. Mchoro unaoanzia kwenye ajira kamili na kusukuma mahitaji kulia unaonyesha mfumuko wa bei. Ni mchoro mzuri wa swali lingine. Anayeanzia hapo asipate alama hiyo ya tatu hata kama mistari yake imepigwa rula vizuri.

Nimefika kwenye tathmini, na hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu ndipo mwongozo wa zamani ulipokosa kitu kabisa. Walimu wengi wakisikia tathmini wanafikiria orodha ya pili: hoja nne za "changamoto", nusu ukurasa, mwisho. Alama 5 zisigawanywe hivyo. Zipimwe kwa ngazi. Anayetaja mipaka bila kueleza, kwa mfano "watu wanaweza wasikope", abaki kwenye 1. Anayeeleza mpaka mmoja au miwili na kusema ni hatua gani ya njia yake inayokatika, apate 2 au 3. Anayekwenda mbali zaidi na kuamua, yaani kusema sera itafaa kwa mdororo wa aina gani na haitafaa kwa aina gani, na kwa sababu ipi, huyo ni wa 4 au 5.

Chukua Kenya mwaka 2020 tuone ngazi hizo kwa vitendo. Mwezi Machi Benki Kuu ya Kenya ilishusha riba yake kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25. Siku hiyo hiyo ikashusha akiba ya lazima kutoka asilimia 5.25 hadi 4.25, na hatua hiyo ikafungua shilingi za Kenya bilioni 35.2. Mwezi Aprili riba ikashuka tena hadi 7. Zana mbili zilizo kwenye kila daftari la kidato cha sita, zimetumika kwa pamoja na kwa haraka. Na bado mwaka ulifungwa pato likiwa limeshuka.

Mtahiniwa wa ngazi ya chini ataandika: hii inaonyesha sera ya fedha haifanyi kazi. Hapana. Hajui hali ingekuwaje bila hatua zile, na hajauliza fedha ilikwenda wapi. Zile bilioni 35.2 zilifunguliwa mahsusi ili mabenki yawasaidie wakopaji walioelemewa na janga, na kazi kubwa ikawa kuongeza muda wa mikopo ya zamani na kupanga upya marejesho. Mwenye hoteli aliyekuwa na deni la benki hakukopa mpya ili ajenge vyumba vingine. Alipewa nafasi ya kupumua ili hoteli yake isiuzwe. Faida hiyo ni ya kweli, lakini haionekani kama ukuaji. Inaonekana kama kufilisika ambako hakukutokea.

Mtahiniwa wa ngazi ya juu ataona jambo jingine. Katika mdororo ule matumizi hayakupungua kwa sababu fedha ilikuwa ghali. Shule zilifungwa, ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa, hoteli za pwani zikabaki bila wageni. Riba ikishuka hata kwa pointi tano, mgeni aliyezuiwa kusafiri hatakuja. Kwa hiyo njia imekatikia kwenye hatua ya tatu, pale ambapo mkopaji anatakiwa kuona sababu ya kuzalisha zaidi. Linganisha na Marekani ya 2007 hadi 2009, ambako mdororo ulianzia kwenye mikopo ya nyumba na mabenki yenyewe. Huko riba ya benki kuu ilishushwa kutoka asilimia 5.25 mwezi Septemba 2007 hadi karibu sifuri mwezi Desemba 2008, na hata hivyo ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hadi asilimia 10 mwezi Oktoba 2009. Hapo kuna mipaka miwili tofauti: riba ilipogusa sifuri haikuwa na pa kushuka tena, ikabidi benki kuu inunue hatifungani kwa wingi. Pia athari ya sera hufika kwenye ajira baada ya miezi mingi. Mwanafunzi anayeweza kusema kwamba Kenya ilikwama kwa sababu ya chanzo cha mdororo na Marekani ilikawia kwa sababu ya sakafu ya riba na muda, ameonyesha akili ninayoitafuta. Si lazima awe na mifano yote miwili. Mmoja uliochambuliwa hivi unatosha kumfikisha kwenye 5.

Mwanafunzi asiye na takwimu za nje naye asifungiwe mlango wa ngazi ya juu. Anaweza kuanzia hapa nyumbani. Riba ya Benki Kuu ikishuka kwa robo ya pointi ya asilimia, riba za mikopo kwenye mabenki yetu zinabaki karibu na asilimia 15. Kati ya riba hizo mbili kuna gharama za uendeshaji, hofu ya mikopo chechefu, na ushindani wa dhamana za serikali, ambazo benki inaweza kununua na kulala usingizi. Njia imekatikia kwenye hatua ya pili. Zaidi ya hapo, mkulima na mama lishe wengi hawakopi benki kabisa. Wanakopa kwenye vikoba, kwa jamaa, au kwa mwenye duka, ambako Riba ya Benki Kuu haifiki moja kwa moja. Mtoto aliyeyaona haya kijijini kwao na kuyaunganisha na hatua anayoijua amefanya tathmini kamili.

Najua mtakalosema. Vitabu ni vingi, siku ni chache, na orodha ya hoja sita husahihishwa haraka. Ni kweli inasahihishwa haraka. Lakini hata kwa mwongozo ninaoupendekeza jicho linatafuta vitu vinne tu kwa kila njia: zana, benki, mkopaji, ajira. Ukishasahihisha vitabu vichache unaanza kuviona pembeni mwa ukurasa kabla hujamaliza aya. Kinachochukua muda ni tathmini, na hapo muda unastahili kuchukuliwa. Kabla ya kuanza, kiongozi wa meza atoe nakala za vitabu kama kumi, kila msahihishaji asahihishe vyote peke yake, kisha alama zilinganishwe hadharani. Palipo na tofauti ya zaidi ya alama 2, watu wajadiliane mpaka mwongozo urekebishwe kwa maandishi. Baada ya hapo usiguswe. Mwongozo unaobadilishwa katikati ya kazi umewadhulumu waliosahihishwa asubuhi.

Na yale maneno "hoja nyingine yoyote iliyo sahihi" yaondolewe au yawekewe kipimo. Kipimo changu ni kimoja: je, hoja hii inaonyesha hatua ambayo fedha inapita kutoka benki kuu hadi kwenye kazi ya mtu, au mahali inapokwama? Ikionyesha, ipewe alama. Isipoonyesha, isipewe, hata ikiwa ni sentensi ya kweli.

Wengine mmeniambia kwamba tukibadilisha moko tutawachanganya watoto, kwa kuwa mtihani wa taifa una utaratibu wake. Baraza la Mitihani lina miongozo yake na siiandiki mimi. Lakini mwanafunzi anayeweza kueleza hatua nne kwa ukamilifu anaweza pia kutaja zana sita akitakiwa. Aliyezoea kutaja sita hawezi kueleza nne kwa siku moja. Moko ni yetu sisi, tunaitunga na kuisahihisha wenyewe, na hakuna anayetuzuia kuitengeneza vizuri.

Ombi langu ni hili. Kabla ya kikao kijacho cha utunzi, kila shule ichukue vitabu vichache vya majibu ya swali hili kutoka moko iliyopita, ivisahihishe upya kwa mwongozo huu, na ije na alama zote mbili, za zamani na mpya, pamoja na vitabu vyenyewe. Tuviweke mezani tuone ni nani aliyepanda, ni nani aliyeshuka, na kama walistahili. Tukikubaliana, mwongozo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule siku matokeo yanapotoka, ili mwanafunzi aliyepata 7 kati ya 20 aweze kusimama mbele yake na kujua alama 13 zilikwenda wapi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Uchumi, kidato cha tano na sita